Mililita 605: Siku ya Mtoto Kwenye Karatasi ya Wodi

Saa mbili kasorobo asubuhi, raundi ya madaktari ikiwa haijaanza, muuguzi anayemaliza zamu ya usiku katika wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali anakuwa na karatasi kadhaa kwa kila kitanda. Kuna chati ya ulishaji, yenye mstari mmoja kwa kila kikombe cha maziwa kilichotolewa usiku na mchana. Kuna chati ya uzito. Kuna chati ya joto la mwili, mapigo ya moyo na upumuaji. Kuna karatasi ya dawa. Ukizidisha kwa vitanda kumi au kumi na viwili, ni bunda zima, na hakuna raundi inayoweza kulisoma lote.

Kinachosomwa ni muhtasari wa siku: mistari minne au mitano kwa kila mtoto. Amekula kiasi gani? Uzito umekwenda wapi? Kuna dalili ya hatari? Amebakiza nini kabla ya kuruhusiwa? Kwa macho ya mgeni, kuandika muhtasari huo ni kazi ya kunakili na kujumlisha tu. Walioifanya wanajua kwamba chati moja inaweza kutoa majibu matatu tofauti, na kwamba mawili kati ya hayo yanaweza kumweka mtoto pabaya.

Tuchukue mtoto mmoja wa mfano. Ni msichana wa miezi 18, amelazwa alfajiri akiwa na kilo 6.0, miguu na miundi imevimba, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki. Uvimbe wa namna hiyo huandikwa kwa alama mbili za kujumlisha. Alama moja ni uvimbe wa nyayo zote mbili, na alama tatu ni uvimbe ulioenea mwili mzima hadi usoni. Mzingo wa mkono wake wa juu ni milimita 112, na chini ya 115 utepe uko kwenye rangi nyekundu. Mtoto ni wa kubuni, ila vipimo vya maziwa na mipaka ya hatari inayotumika hapa ni ile ya miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ndiyo msingi wa tiba hii katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Kilichotolewa si kilichonywewa

Siku za mwanzo mtoto huyu hanyweshwi maziwa ya kawaida wala halishwi uji mzito. Anapewa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, na jina lenyewe linajieleza: mililita 100 zina kilokalori 75. Ni maziwa mepesi, yenye protini kidogo, kwa sababu mwili ulioishi na njaa kwa muda mrefu umejibana. Moyo unasukuma kidogo, ini na figo vimepunguza kazi. Ukiubebesha chakula kingi ghafla, unaelemewa. Kwa hiyo kiasi kimepimwa: mililita 130 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au 100 kwa yule aliyevimba mwili mzima. Msichana wetu wa kilo 6 anastahili mililita 780 kwa siku, zilizogawanywa mara 12, yaani mililita 65 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Chati ya ulishaji inauliza mambo kadhaa kwenye kila mstari: saa, aina ya maziwa, kiasi kilichowekwa kikombeni, kiasi kilichobaki, kiasi alichokunywa kwa mdomo, kiasi kilichopitishwa kwenye mpira wa puani, kiasi alichotapika, na kama ameharisha. Usawa wa kikombe na masalio ndio unaotoa jibu la mdomo. Hapo ndipo mazungumzo ya wodini yanapoanza kudanganya. Muuguzi anapita na kuuliza, "Mama, amemaliza?" Mama, aliyekesha na asiyetaka kuonekana hamjali mtoto, anajibu, "Amemaliza, sista." Kikombe kikiinuliwa kwenye mwanga kina mililita 20, na kanga ya mama ina unyevu wa mililita nyingine kadhaa zilizotiririka kidevuni. Kilichoandikwa kwa kusikia si sawa na kilichoandikwa kwa kupima.

Siku ya kwanza ya msichana huyu ilikwenda hivi. Saa mbili asubuhi alikunywa 45 kati ya 65. Saa nne alikunywa 40, na saa sita mchana 35. Kiasi cha chini kinachokubalika ni asilimia 80, ambayo kwa kikombe chake ni mililita 52. Milo mitatu mfululizo ilikuwa chini ya hapo, basi akawekewa mpira wa kulishia unaopitia puani. Tangu saa nane mchana alipewa kikombe kwanza, na alichoshindwa kilimaliziwa kwa mpira. Milo minane iliyofuata kwenye kumbukumbu ilikwenda kwa mtindo huo: jumla ya 240 kwa mdomo na 280 kwa mpira. Usiku alitapika mara moja, na muuguzi alikisia mililita 35. Mstari wa saa kumi alfajiri uko wazi. Haukuandikwa kitu.

Sasa hesabu. Mwandishi wa muhtasari mwenye haraka ataangalia agizo la daktari na kuandika: "F-75, 780, amepewa." Hiyo ni asilimia 100. Mwingine, makini zaidi kidogo, atahesabu vikombe 11 vilivyoandikwa na kuzidisha kwa 65, apate 715, yaani asilimia 92. Wa tatu atajumlisha alichokunywa kwa mdomo (120 za mwanzo na 240 za baadaye, jumla 360), ataongeza 280 za mpira, apate 640, kisha atatoa 35 za matapishi. Zinabaki 605. Hizo ni chini kidogo ya asilimia 78.

Kutoka 100 hadi 78 si tofauti ya mapambo. Wa kwanza anamwambia daktari aendelee kama jana. Wa tatu anamwambia kwamba mtoto, hata kwa msaada wa mpira, hajafika kiwango cha chini, na kwamba amepata kilokalori kama 76 kwa kila kilo wakati anahitaji angalau 80 ili mwili usizidi kujila. Swali linageuka: kwa nini? Na jibu liko kwenye mstari ulio wazi.

Nafasi tupu ina maana yake

Nafasi tupu kwenye chati inaweza kumaanisha mambo matatu. Mtoto alipewa, ila mtu akasahau kuandika. Mtoto alipewa akakataa kabisa, na mtu akaona hakuna cha kuandika. Au mtoto hakupewa, kwa sababu muuguzi alikuwa peke yake na kitanda cha pili kilikuwa na mtoto aliyepatwa na degedege. Anayetengeneza muhtasari hana haki ya kuchagua mojawapo akiwa amekaa mezani. Akijaza 65, amebuni maziwa. Akijaza sifuri, amebuni kukataa. La kufanya ni kuuliza kabla zamu haijaondoka, na kama jibu halipatikani, kuandika "mlo wa saa kumi alfajiri haujulikani" na kuuacha nje ya jumla. Ndivyo 605 ilivyopatikana.

Katika kuuliza huko kuna mtego wa lugha usiojulikana na waliochapisha chati. Chati nyingi zina saa za Kizungu: 20:00, 22:00, 02:00, 04:00. Wanaozijaza wanazungumza saa za Kiswahili. Muuguzi akisema "saa nne nilimpa," anamaanisha saa nne usiku, ambayo kwenye karatasi ni 22:00. Mwenzake akiwa na usingizi machoni anaweza kwenda kujaza mstari wa 04:00, ambao kwa Kiswahili ni saa kumi alfajiri. Vivyo hivyo "saa mbili" na 02:00. Mlo mmoja unaandikwa mara mbili, pengo la saa nne linafutika kwenye karatasi, na hakuna aliyesema uongo. Dawa yake ni ndogo: kuandika saa ya Kiswahili kwa kalamu pembeni ya kila mstari uliochapishwa, ili anayesema na anayeandika wawe kwenye saa moja.

Pengo hilo lina uzito gani? Chati ya joto inajibu. Saa kumi na mbili asubuhi joto la kwapani la msichana lilikuwa nyuzi 34.8. Chini ya 35 ni baridi ya hatari, na kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali baridi huambatana na kushuka kwa sukari. Alipopimwa sukari ya damu ilikuwa 2.9, na mpaka ni 3. Akapewa mililita 50 za maji ya glukosi ya asilimia 10, kisha maziwa yake, akawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wakafunikwa blanketi pamoja. Zile mililita 50 hazikuingizwa kwenye jumla ya maziwa, kwa kuwa ni tiba na si mlo.

Mtu aliyesoma chati ya joto peke yake aliona baridi. Aliyesoma chati ya ulishaji peke yake aliona nafasi tupu. Muhtasari ndio mahali pa kwanza ambapo vitu hivyo viwili vinakaa kwenye karatasi moja, na mstari wa siku ile ukawa hivi:

*Hatari: joto 34.8 na sukari 2.9 saa 12 asubuhi, ametibiwa, apimwe tena. Maziwa: F-75, 605 kati ya 780 (78%), mdomo 360, mpira 280, alitapika 35, mlo wa saa 10 alfajiri haujulikani, pengo la saa nne. Uzito: 6.0, haujabadilika; uvimbe ++. Ruhusa: bado, hatua ya kwanza.*

Hatari imetangulia. Chati zenyewe huanza na maziwa, na mwandishi hujikuta akifuata mpangilio wao. Lakini raundi inapoanza kitanda cha kwanza na kuchoka kitanda cha nane, neno lililo mwanzoni mwa mstari ndilo linalosikika. Kwenye ukurasa wa wodi nzima mantiki ni hiyo hiyo: watoto wenye dalili za hatari hupangwa juu, wanaofuata ni walio chini ya asilimia 80, na walio tayari kuruhusiwa hukaa chini, hata kama vitanda vyao viko karibu na mlango.

Gramu zinaposema kinyume

Kwa mama, mizani ndiyo hakimu. Mtoto aliyekonda akiongezeka amepona, akipungua anakufa. Kwa mtoto aliyevimba hesabu hiyo inapinduka, kwa sababu sehemu ya kilo zake ni maji.

Msichana wetu alipimwa kila asubuhi saa moja, akiwa uchi, saa moja hivi kabla ya mlo, kwenye mizani iliyohakikishwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Siku ya tatu alikuwa na kilo 5.9, ya nne 5.7, ya tano 5.5, ya sita 5.35. Amepoteza gramu 650 chini ya wiki moja, na mama anaanza kunong'ona na wenzake kwamba maziwa haya hayafai. Muhtasari unaoandika "uzito unashuka" bila neno jingine unamtia daktari hofu ile ile. Muhtasari mzuri unaunganisha uzito na uvimbe palepale: "5.35, chini kwa 0.65 tangu alazwe. Uvimbe ++ sasa +." Maji yanatoka, figo zimeamka. Katika hatua hii kushuka kwa uzito ni habari njema, na kiasi cha F-75 hakipunguzwi kwa kufuata mizani. Kinabaki kwenye uzito wa kuanzia, kilo 6.0. Ndiyo maana uzito huo huandikwa juu ya kila muhtasari na haufutwi.

Kuna jambo jingine dogo linalopotosha hapa, nalo ni tarehe. Siku ya chati ya ulishaji inaanza saa mbili asubuhi na kuishia saa mbili kesho yake. Uzito unapimwa saa moja asubuhi. Kwa hiyo uzito wa asubuhi ya siku ya nne ni matokeo ya maziwa ya siku ya tatu. Ukipachika uzito na maziwa kwa kulinganisha tarehe tu, utasema mtoto hakuongezeka siku aliyokula vizuri, na akaongezeka siku aliyogoma.

Kufikia siku ya sita msichana alikuwa anamaliza vikombe vyote, mpira umetolewa, milo imesogezwa kuwa kila baada ya saa nne, mililita 130 kila mlo. Hamu ya kula imerudi na uvimbe unakauka, na hiyo ndiyo ishara ya kuvuka. Akabadilishiwa maziwa kuwa F-100, yenye kilokalori 100 kwa mililita 100 na protini mara tatu zaidi. Kikombe kikabaki kile kile cha 130. Kwa saa 48 kiasi hakiongezwi hata kidogo, mtoto alie au asilie, kwa kuwa chakula chenyewe tayari kimekuwa kizito. Baada ya hapo ndipo kila mlo huongezwa mililita 10 juu ya uliopita, hadi mtoto aanze kubakiza.

Asubuhi ya siku ya nane ilikuwa ndiyo asubuhi ya kuongeza. Mizani ilisoma kilo 5.5, kutoka 5.3 ya jana. Gramu 200 kwa usiku mmoja! Mama alifurahi. Mtu asiye makini angeandika "uzito umepanda vizuri, ongeza hadi 140."

Mwandishi wa muhtasari alifanya kwanza jambo la kawaida: alirudia kupima. Mara nyingi gramu 200 za ghafla ni nepi iliyosahaulika, mizani iliyosogezwa au kikombe kilichonywewa dakika tano kabla. Mizani ikasoma 5.5 tena. Ndipo akafungua chati ya mapigo na upumuaji. Jana mchana mapigo yalikuwa 110 kwa dakika na pumzi 32. Saa kumi alfajiri mapigo 136, pumzi 38. Saa mbili asubuhi mapigo 138, pumzi 39.

Hapa ndipo mtu anayesoma namba mojamoja anakosa. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, kupumua haraka huhesabiwa kuanzia pumzi 40 kwa dakika. Huyu ana 39. Kwa kipimo hicho yuko salama, na chati yenyewe haina alama nyekundu popote. Lakini mwongozo una kipimo cha pili kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa wanaovuka kutoka maziwa mepesi kwenda mazito: mapigo yakiongezeka kwa 25 au zaidi, pamoja na pumzi kuongezeka kwa 5 au zaidi, na hali hiyo ikidumu katika vipimo viwili vilivyoachana saa nne, moyo unaelekea kushindwa. Msichana ana ongezeko la 26 na 6, kisha 28 na 7. Vipimo viwili, saa nne kati yake.

Gramu 200 zile hazikuwa nyama. Yalikuwa maji yaliyorudi kwenye mishipa na moyo dhaifu ukashindwa kuyasukuma. Mstari wa siku ya nane:

*Hatari: mapigo 110, sasa 136 na 138, pumzi 32, sasa 38 na 39 (saa 10 alfajiri, saa 2 asubuhi). USIONGEZE MAZIWA. Daktari aitwe sasa. Maziwa: F-100, 780 kati ya 780. Uzito: 5.5, juu kwa 0.2 kwa siku moja, umepimwa mara mbili. Ruhusa: bado.*

Daktari alimpima moyo, mapafu na ini, na maziwa yakapunguzwa hadi mililita 100 kwa kilo kwa siku, ambayo kwake ni kikombe cha kama 90 badala ya 130. Baada ya saa 24 yanapandishwa hadi 115 kwa kilo, kisha 130 kwa kilo kwa siku mbili, ndipo mililita 10 za kuongeza zinaanza upya. Amechelewa siku nne. Kama muhtasari ungesomwa kwa mstari wa uzito na mstari wa maziwa peke yake, mlo wa saa nne baadaye ungekuwa 140.

Gramu 200 zilirudi tena kwenye karatasi zake, safari hii kwa sura nyingine. Siku ya 14 alikuwa na kilo 5.6, na siku ya 17 kilo 5.8. Mapigo yametulia, uvimbe haupo. Katika hatua hii ya kukua, uzito haulinganishwi siku kwa siku, kwa sababu kinyesi kimoja kinatosha kuuyumbisha. Wodi huchukua siku tatu: gramu 200 zikigawanywa kwa siku tatu ni karibu gramu 67 kwa siku, na zikigawanywa tena kwa wastani wa uzito wake, kilo 5.7, ni karibu gramu 12 kwa kila kilo kwa siku. Zaidi ya 10 ni ukuaji mzuri, kati ya 5 na 10 ni wa wastani, chini ya 5 ni mbaya na lazima itafutwe sababu. Ukiipitisha asubuhi ya siku ya nane kwenye hesabu hiyo unapata karibu gramu 37 kwa kilo kwa siku moja. Namba kubwa namna hiyo haipongezwi kabla ya kuulizwa.

Milango miwili ya kutokea

Mstari wa mwisho wa muhtasari, ule wa ruhusa, ndio unaoandikwa vibaya kuliko yote. Mara nyingi utakuta "anaendelea vizuri" siku kumi mfululizo, halafu ghafla "aruhusiwe." Msomaji haoni ni kitu gani kilibadilika kati ya jana na leo.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa kutoka wodini kwenda kuendelea na tiba nyumbani, kwa kufuatiliwa kliniki. Wa pili ni wa kutoka kwenye tiba kabisa. Mlango wa kwanza hauulizi kilo wala utepe wa mkono. Unauliza kama maradhi yaliyomlaza yamedhibitiwa, kama uvimbe unaisha, kama ana hamu ya kula, na kama amechangamka. Mlango wa pili ndio wenye vipimo: mkono milimita 125 au zaidi, au uzito kulingana na urefu usiopungua kiwango kilichowekwa, na uvimbe uwe haujaonekana kwa wiki mbili angalau.

Wodi inayochanganya milango hiyo inakosea kwa pande zote. Inaweza kumshikilia mtoto wiki tatu zaidi akisubiri mkono ufike 125, huku akiambukizwa kuhara na wa kitanda cha jirani, na mama ameacha wengine nyumbani. Au inaweza kumwandikia "amepona" siku anayotoka wodini, na mama asione sababu ya kurudi kliniki.

Hamu ya kula pia inapimwa. Mtoto anapewa chakula tiba, ile siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, yenye kilokalori 500 katika pakiti ya gramu 92. Anatakiwa amalize angalau robo tatu ya mgao wake wa siku. Kwa hiyo chati ya ulishaji inaendelea kufanya kazi hata maziwa yakiisha, ila sasa inahesabu pakiti, na tatizo la kikombe linarudi kwa sura mpya: pakiti iliyofunguliwa haijawa pakiti iliyoliwa. Muuguzi huangalia iliyobaki ndani, na kuuliza kwa upole kama ndugu aliyekuja kutembelea alionjeshwa.

Badala ya neno "vizuri," muhtasari wa ruhusa huorodhesha masharti na hali ya kila moja. Kwa msichana wetu siku ya 17:

*Ruhusa ya kwenda kliniki: uvimbe haupo tangu siku ya 9, tayari. Dalili za hatari hakuna tangu siku ya 10, tayari. Chakula tiba amekula zaidi ya robo tatu jana na leo, tayari. Amechangamka, anacheza, tayari. Dawa zimekamilika, tayari. Chanjo: BADO, kadi haikuja. Kliniki ya karibu kuwa na chakula tiba: BADO, apigiwe simu muuguzi wa zahanati. Mkono 116 (alikuja na 112): si kigezo cha kutoka wodini.*

Maneno mawili ya "bado" yamefanya kazi ambayo "anaendelea vizuri" isingeifanya: yamemwonyesha mtu wa zamu ya asubuhi cha kufanya. Simu ikapigwa. Shangazi akaleta kadi ya kliniki jioni.

Kile ambacho muhtasari hauoni

Baadhi ya hospitali zimehamishia kazi hii kwenye jedwali la kompyuta. Ukiingiza vikombe, linajumlisha, linatoa asilimia na gramu kwa kilo, na kugeuza rangi ya kisanduku mpaka ukivukwa. Kujumlisha kwa kalamu saa moja asubuhi baada ya kukesha ni mahali pa makosa, kwa hiyo msaada huo una maana. Lakini jedwali lina tabia moja ya kuangaliwa: majedwali mengi hujumlisha kisanduku kitupu kana kwamba ni sifuri, au huhesabu wastani kana kwamba hakipo, na yote hayo hufanyika kimyakimya. Kwa msichana wetu, mlo wa saa kumi alfajiri ungepotea bila mtu kuuliza. Jedwali linalofaa kwa wodi hii hukataa kutoa jumla hadi kila mstari upewe namba au neno "haujulikani."

Pia kuna makosa ambayo hayafiki kwenye karatasi yoyote. Maziwa yakichanganywa na maji mengi kuliko kipimo, mtoto atakunywa 780 kati ya 780 kila siku na hakuna kitakachoonekana isipokuwa uzito usiopanda wiki ya pili. Namna ya kulishuku ni kutazama ukurasa wa wodi nzima: mtoto mmoja asiyeongezeka ana tatizo lake, pengine kifua kikuu au maambukizi yaliyojificha; watoto watano wasioongezeka kwa wakati mmoja, wote wakiwa na asilimia 100 ya maziwa, wanaelekeza kidole jikoni au kwenye mizani.

Siku ya 19 chati ya ulishaji ya msichana iliandikwa mstari wa mwisho saa nne asubuhi: chakula tiba, robo tatu ya pakiti. Kwenye kadi aliyoondoka nayo mama kulikuwa na namba nne, uzito kilo 5.95, mkono milimita 117, uvimbe hakuna, na tarehe ya kurudi wiki ijayo. Kwenye kitanda kile, kabla ya mchana, kulikuwa na mtoto mwingine na karatasi mpya, na juu yake pamejazwa sehemu moja tu: uzito wa kuanzia.